Salamu za Krismasi kwa Video: Kutoka Toronto hadi Ilongero

Video ya salamu ukiituma Singida haitazamwi na uliyemtumia peke yake. Simu janja pale nyumbani huenda ni ya mpwa wako mmoja, naye ndiye atakayeishika juu ili wote waone. Bibi atavutiwa kigoda mbele, watoto watajipanga nyuma, na jirani aliyekuwa anapita na jembe begani atasimama kusikiliza. Utakachosema ndani ya video umekisema mbele ya hadhara, na kitarudiwa kutazamwa mpaka maneno yako yakaririwe. Ukilishika hilo, mengi katika kuandika skripti yanajipanga yenyewe.

Mwongozo huu ni kwa familia yenye asili ya Singida inayoishi nje, inayotaka kutuma video ya dakika tatu wakati wa Krismasi. Nimechukua mfano wa familia iliyoko Toronto, Kanada: baba kwao ni Ilongero, mama kwao ni Kiomboi, na wana watoto wawili wanaoelewa Kiswahili lakini ulimi wao ni mzito. Toronto wakati huo iko nyuma ya Tanzania kwa saa nane. Singida ikiwa saa nane mchana, watu wametoka kanisani na wanakula, na Toronto ndiyo kwanza saa kumi na mbili asubuhi. Kupiga simu ya video saa hiyo kunawezekana, ila mtandao ukikatika mara tatu salamu imekwisha kabla bibi hajapewa simu. Ndiyo maana watu hurekodi.

Piga simu kabla ya kuandika

Wiki mbili kabla ya kurekodi, mpigie mtu mmoja wa nyumbani anayejua habari za ukoo wote. Mara nyingi ni shangazi. Usiulize kwenye kundi la familia, maana majibu ya kweli hayatolewi hadharani. Muulize nani amefariki mwaka huu, nani anaumwa, nani hasemezani na nani, na nani hasa atakuwepo nyumbani siku ya sikukuu. Halafu muulize habari za mvua.

Swali la vifo ndilo zito. Wanaotuma video kila mwaka huwa na orodha ya majina ya mwaka uliopita, na ni rahisi kuichukua ilivyo na kuisoma. Kumsalimia kwa furaha mtu aliyezikwa mwezi wa nane, mjane wake akiwa amekaa mbele ya simu, ni jambo lisilofutika kwa kutuma video nyingine. Kwa hiyo orodha iandikwe upya kila mwaka, na shangazi asomewe kwenye simu jina kwa jina.

Ugomvi nao una madhara yake. Kama baba mdogo na mwanawe wamegombana kwa ajili ya shamba, usiwataje katika sentensi moja kama watu wa nyumba moja, wala usijitie kupatanisha. Mtaje kila mmoja kwa nafasi yake, uendelee.

Desemba ya Singida si Desemba ya Toronto

Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kwenda mpaka Aprili. Krismasi inawakuta watu shambani, wanapanda au wanaanza palizi ya mtama, uwele na alizeti. Mavuno yako mbali, na chakula cha mwaka uliopita kinapungua ghalani. Januari shule zinafunguliwa, na hata pale ada ilipofutwa kuna sare, madaftari na michango.

Ukiujua msimu huo, utajua nini kisionekane kwenye video. Meza iliyojaa vyakula isionekane. Friji lililofunguliwa lisionekane, wala zawadi za watoto zilizorundikwa chini ya mti. Sisemi ufiche maisha yako, wala hakuna anayedhani unalala njaa Kanada. Tatizo ni kwamba picha hukaa muda mrefu kuliko maneno, na mtu aliyeomba mwezi wa kumi akaambiwa hali ngumu ataitazama ile meza mara nyingi kuliko atakavyoyasikiliza maneno yako.

Fedha zisitajwe kabisa, hata kwa wema. Sentensi kama "tumewatumia kitu kidogo cha sikukuu" ikisemwa mbele ya watu ishirini, papo hapo zinazaliwa hesabu mbili: nani alipokea, na mbona mimi sikugawiwa. Aliyepokea kwa simu yake anageuka mshitakiwa. Salamu ziende kwa video, fedha ziende kimya kwa njia yake, na ujumbe wa fedha uandikwe kwa aliyetumiwa peke yake. Vivyo hivyo ahadi ya kuja mwakani: kama tiketi haijakatwa, iache.

Kinachofaa kuonekana ni kitu kilichotoka nyumbani. Wanawake wa Singida husuka vikapu, na familia nyingi zilizo nje zina kimoja walichopewa siku ya kuondoka. Kikapu hicho kikiinuliwa mbele ya kamera kikiwa na vitunguu ndani, aliyekisuka hatahitaji kuambiwa kwamba anakumbukwa.

Nani kwanza, na ukimya wa kuitikia

Watu wa umri fulani wanakumbuka kadi za salamu za redioni, mtangazaji akisoma mlolongo wa majina hadi pumzi inamwishia. Kwa msikilizaji, kutajwa jina ndiyo ilikuwa salamu yenyewe. Video imerithi tabia hiyo, na anayesema "nawasalimu wote" akadhani amemaliza hajawajua ndugu zake. Lakini majina arobaini katika dakika tatu hayaingii. Taja wakubwa mmoja mmoja kwa cheo cha undugu, kisha wengine kwa nyumba: nyumba ya baba mdogo, nyumba ya shangazi, vijana waliokuja kutoka Dar es Salaam na Dodoma.

Mkubwa wa ukoo atangulie. Kama baba mkubwa yupo hai na atakuwepo, mimi ningeanza naye kabla ya mama mzazi. Mama hatachukia kuwa wa pili, kwa kuwa anajua mwanawe amelelewa. Baba mkubwa akiwa wa pili, huenda asiseme neno siku hiyo, ila atalisema.

Sasa kuna jambo ambalo skripti nyingi hulikosa. Mzee akisikia "shikamoo" ataitikia, hata kama inatoka kwenye kioo cha simu. Atasema "marahaba", na pengine ataongeza "hamjambo huko?" Usipomwachia nafasi, sauti yake itafunika maneno yako yanayofuata, watu watamnyamazisha, na mpwa atarudisha video nyuma. Kwa hiyo baada ya kila shikamoo ya mtu mkubwa, andika kwenye skripti neno "nyamaza", na msemaji ahesabu moja hadi nne kimoyomoyo huku akiendelea kutazama kamera. Wakati wa kurekodi ukimya huo utaonekana mrefu wa kipuuzi. Ikitazamwa Ilongero, video itakuwa inazungumza na watu.

Baada ya salamu, pole hutangulia furaha. Kama kuna msiba katika mwaka, utajwe kabla neno Krismasi halijatamkwa, na muziki usiwepo chini yake. Kwa kweli muziki usiwepo popote katika video hii. Spika ya simu iliyoinuliwa uani inatoa sauti nyembamba, na wazee wenye masikio mazito watasikia ngoma bila maneno.

Watoto waliozaliwa nje

Usimwandikie mtoto hotuba. Mtoto anayesoma Kiswahili asichokizoea husoma kama anapita juu ya mawe, na macho yake hutembea kwenye karatasi. Mpe sentensi tatu fupi, azikariri kwa siku chache, na moja iwe ya utani. Bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kiume akimwita bibi "mke wangu" uani patacheka hata matamshi yakiwa mabovu. Matamshi mabovu yenyewe ni sehemu ya zawadi. Usirekodi mara kumi ukitafuta usafi.

Sentensi moja ya lugha ya nyumbani, Kinyaturu kwa Ilongero au Kinyiramba kwa Kiomboi, ina nguvu kuliko dakika nzima ya Kiswahili. Usiitafute mtandaoni. Mwombe shangazi aitamke polepole katika ujumbe wa sauti, mtoto aisikilize na kuirudia. Iwe salamu inayoitikiwa, ili bibi apate cha kujibu.

Skripti yenyewe

Huu ni mfano wa video ya kwenda Ilongero, kwa watu wa upande wa baba. Maneno yaliyo kwenye mabano ni maelekezo, hayasomwi.

BABA (katikati, anatazama kamera): Baba mkubwa, shikamoo. (Nyamaza, hesabu nne.) Mama, shikamoo. (Nyamaza.) Shangazi, shikamoo. (Nyamaza.) Na ninyi wote mliopo hapo nyumbani, hamjambo? Sisi huku hatujambo, wote wanne ni wazima, tunamshukuru Mungu.

BABA: Kabla ya yote, poleni na msiba wa baba mdogo. Habari zilinifikia, na sikuweza kuja kumzika. Mama mdogo, pole sana. Wadogo zangu, poleni. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kushika plau nikiwa darasa la tano, na ng'ombe walipokataa kugeuka alicheka akaniacha nihangaike. Mungu ampumzishe kwa amani. (Nyamaza, hesabu saba. Usiangalie chini.)

MAMA: Baba mkubwa, shikamoo. (Nyamaza.) Mama, shikamoo. (Nyamaza.) Mama, kikapu chako hiki hapa. (Anakiinua, anakisogeza karibu na kamera.) Kila nikienda sokoni nakibeba, na watu wananiuliza nilikinunua wapi. Mawifi zangu, hamjambo? Asanteni kwa kumtunza mama.

MTOTO WA KIUME: Bibi, shikamoo. (Nyamaza.) Mke wangu, nimekua. Sasa namfikia baba begani. Nikija utanipikia mlenda?

MTOTO WA KIKE: (Salamu ya Kinyaturu aliyofundishwa na shangazi. Nyamaza.) Mimi naenda shule kwa basi la njano. Nje kuna theluji, tazameni. (Anavuta pazia. Kamera inaonyesha dirishani kwa kuhesabu nane, bila mtu kusema.)

BABA: Tumesikia mvua zimeanza. Mungu azijalie zifike mpaka mwezi wa nne. Nyumba ya baba mdogo, nyumba ya shangazi, vijana mliorudi nyumbani kwa sikukuu, na majirani mliosimama hapo, tunawasalimu. Mkipata nafasi turekodieni na ninyi. Bibi aseme neno, na mtuonyeshe shamba lilivyo.

WOTE: Krismasi njema, na heri ya mwaka mpya! (Endelea kutazama kamera kwa kuhesabu tano kabla ya kuzima.)

Maneno ya kusemwa hapo hayafiki mia mbili. Msemaji mtulivu wa Kiswahili hutamka kama maneno mia moja kwa dakika, na ukiongeza ukimya ulioandikwa unapata kama dakika mbili na nusu. Kama yako imefika dakika tano ukisoma kwa saa mkononi, tatizo karibu kila mara liko kwenye sehemu ya baba. Punguza hapo.

Angalia pia sentensi ya plau. Marehemu ametajwa kwa tendo moja ambalo watu wa nyumbani wanalijua, na hilo linatosha. Sifa za jumla kuhusu upendo na ucheshi wake zingeweza kusemwa juu ya mtu yeyote. Sentensi ya mvua nayo ikaguliwe siku moja kabla ya kurekodi. Kama mvua imechelewa, iandikwe "tumesikia mvua bado, tunawaombea", maana kusifia mvua kwa watu waliopanda kwenye vumbi ni kuonyesha kwamba hukuuliza.

Kwa Kiomboi, usitume video hiyohiyo. Kule mama ndiye mtoto wa nyumbani, kwa hiyo yeye akae katikati na afungue. Baba anakuwa mkwe: amsalimie mama mkwe kwa adabu, sentensi zake ziwe chache, asitanie. Utani wake auweke kwa mashemeji. Watoto wanabaki na maneno yaleyale, wakibadilisha lugha ya salamu. Kuketi tena kurekodi kunachukua nusu saa, na familia ya mama itaona kwamba haikupewa makombo.

Familia ya Kiislamu itatumia mpangilio uleule kwa Iddi, ila isitaje tarehe wala kusema "leo". Iddi hutegemea kuandama kwa mwezi, BAKWATA hutangaza usiku, na ndani ya ukoo mmoja wengine wanaweza kusali siku tofauti. "Iddi njema" peke yake haipitwi na wakati. Nyumba nyingi za Singida zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, na mjomba wa Kiislamu aliyepo Krismasi asalimiwe kwa jina kama wengine, bila kuundiwa sehemu yake ya pembeni.

Kurekodi na kufikisha

Kaeni mkitazama dirisha ili mwanga uwapige usoni. Dirisha likiwa nyuma yenu mtakuwa vivuli. Rekodi mchana, kwani Desemba jua la Toronto linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Simu isiwe mbali zaidi ya mita moja na nusu, la sivyo sauti itapotea. Ilazwe kwa upana kama kuna uwezekano wa kutazamwa kwenye televisheni.

Ukubwa wa faili ndipo wengi wanapokwama. Simu ya iPhone ikirekodi kwa 1080p kwenye mpangilio wa `High Efficiency` hutumia kama MB 60 kwa dakika, yaani MB 180 kwa dakika tatu. Ukirekodi kwa 4K ni karibu mara tatu ya hapo. Hilo ni bando la mpwa wako zima, na anaweza asikwambie. Kwa hiyo tuma mara mbili kwa njia mbili. Ya kwanza itume WhatsApp kama video ya kawaida. WhatsApp itaibana, picha itapungua usafi, lakini itafunguka kwenye simu ya Ilongero bila kumaliza bando. Ya pili itume kama `Document`, ambayo haibanwi, kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam mwenye intaneti nzuri na anayepanda basi la Singida kwa sikukuu. Yeye aiweke kwenye flashi.

Kwa ajili ya flashi, kabla hujarekodi ingia `Settings`, kisha `Camera`, kisha `Formats`, uchague `Most Compatible`. Faili litakuwa kubwa zaidi, lakini `High Efficiency` hugoma kwenye televisheni nyingi za bei nafuu: ama skrini inabaki nyeusi na sauti inasikika, ama jina la faili halionekani kabisa. Flashi nayo iwe imefomatiwa kwa FAT32. Mwambie ndugu yako aichomeke kwenye televisheni yake kabla ya kusafiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni kama kilomita 700, na akishafika hakuna wa kumrekebishia.

Tuma ifikapo tarehe 20 Desemba. Ndugu wa Dar es Salaam wanaanza kusafiri siku hizo, na mpwa wa Ilongero anahitaji muda wa kupakua na kuchaji simu, hasa kama nyumba inategemea sola na mawingu ya mvua yameshatanda. Mwombe asiwaonyeshe watu mpaka siku yenyewe. Hatakutii, na bibi ataiona usiku huohuo, lakini siku ya Krismasi watataka kuiona tena.

Flashi isirudi Dar es Salaam. Simu hujaa, na video za salamu ndizo za kwanza kufutwa. Mkabidhi shangazi flashi hiyo, mwaka ujao uongeze video nyingine humohumo, na umwambie ndugu yako asiiazime kwa ajili ya muziki.